Uzoefu wangu na karatasi za kupaka rangi za kuanzia kuzidisha

Kila jioni hapa Arua ninafundisha hesabu watoto saba wa majirani, wote wa darasa la tatu na wenye umri wa miaka minane. Tunatumia Kiswahili, kwa kuwa baadhi yao ni Walugbara, wengine Wakakwa na wengine Wanubi, na ndiyo lugha inayotukutanisha. Muhula uliopita nilinunua furushi la karatasi 24 za kuzidisha kwa kupaka rangi. Kila moja ya karatasi 16 za kwanza ina gridi ya mistari kumi yenye miraba kumi kumi, na juu yake kuna agizo fupi kama vile "Paka 4 × 6, kisha andika jibu." Nimezitumia kwa wiki sita, nazo zimenisaidia, ingawa si kwa namna aliyoikusudia mtengenezaji.

Siku ya kwanza mtoto mmoja aliniletea jibu la 4 × 6 akiwa ameandika 30. Nilihesabu miraba aliyoipaka nikakuta kweli ni 30, kwa hiyo hesabu yake haikuwa na kasoro. Kilichokosewa ni umbo lenyewe. Alikuwa amepaka miraba sita kwenda kulia, kisha akashuka miraba minne mingine chini ya ule wa kwanza, na baada ya kupata fremu hiyo akajaza katikati. Mraba wa pembeni umo katika mstari na pia katika safu ya kushuka, lakini yeye aliona kuuhesabu mara mbili ni kudanganya, na hivyo akapata mistari mitano badala ya minne. Tangu hapo nimekataza kuanza na fremu: mtoto anamaliza mstari mmoja wa sita, ndipo aanze wa pili.

Hapo ndipo ninapoona dosari kubwa ya karatasi hizi, kwamba zinaagiza umbo zima lipakwe rangi moja. Mtoto akishapaka miraba 24 yote ya kijani, haoni tena sita nne, bali anaona rundo la miraba, naye huihesabu mmoja mmoja. Utamgundua kwa vitone vya penseli anavyoacha ndani ya miraba, au kwa midomo inayochezacheza. Mimi huwapa rangi mbili, mstari mwekundu ukifuatwa na wa buluu, na mwishoni mwa kila mstari wanaandika jumla iliyofikiwa: 6, 12, 18, 24. Anayeendelea kuhesabu mojamoja namfunikia gridi kwa kipande cha boksi, kisha ninamfunulia mstari mmoja baada ya mwingine, naye analazimika kuruka kwa sita.

Jambo lililonisumbua zaidi, na ambalo karatasi hazikulitaja kabisa, ni la lugha. Mfano uliochorwa kwenye karatasi ya kwanza unaonyesha 4 × 6 kuwa ni mistari minne yenye miraba sita sita. Lakini sisi tunasoma "nne mara sita", na mtoto anayeyasikiliza maneno hayo kwa makini ataelewa kwamba nne imerudiwa mara sita, yaani mistari sita yenye miraba minne minne. Watoto wawili walichora hivyo, na nakiri kwamba mwanzoni niliwawekea alama ya kosa, kumbe walikuwa wamenisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwenyewe. Siku iliyofuata niliazima kreti ya soda ya chupa 24. Ukisimama upande mmoja unaona mistari minne ya chupa sita sita. Ukihamia upande wa pili unaona mistari sita ya chupa nne nne, na hakuna chupa iliyoongezwa wala kuondolewa. Kisha kila mmoja aliigeuza karatasi yake ubavu na kuandika usomaji wa pili chini ya ule wa kwanza. Hata hivyo, niliwaeleza kwamba jibu kuwa moja hakufanyi mafungu yawe yaleyale, kwa sababu vikapu vinne vya maembe sita sita si vikapu sita vya maembe manne manne, hasa kwa mtu anayevibeba.

Karatasi nane za mwisho sizipendekezi. Zina picha iliyofichwa, ambayo kila sehemu yake hupakwa rangi kulingana na jibu, na hazina gridi hata kidogo. Watoto wakishatambua kwamba ni ndege, wanakisia rangi ya mkia na kuacha kuzidisha.

Ukitoa fotokopi, usipunguze ukubwa ili kupata karatasi mbili katika ukurasa mmoja. Miraba ya asili ina upana wa sentimita moja hivi. Nilipoipunguza, kreyoni nene zilivuka mipaka na mistari miwili ikaonekana mmoja. Siku hizi ninatoa nakala za gridi tupu peke yake, na agizo ninaliandika mwenyewe kwa mkono: "Mistari minne, kila mstari miraba sita, rangi mbili."