Picha ya mbwa na mfuko wa chakula bustanini: ununue ipi, na uikague vipi

Muuzaji wa chakula cha mbwa hufika mahali akahitaji picha moja: mfuko wake umesimama kwenye nyasi, na pembeni yake mbwa mwenye furaha. Njia za kuipata ni nne, nami nazipanga kwa kigezo kimoja, kwamba mwili wa mbwa uaminike. Anayeitazama picha hiyo anaishi na mbwa. Mguu ukikunjika kusiko, ataona hata kama hajui kutaja kilichoharibika.

Ya kwanza ni kumlipa mpigapicha, pamoja na mbwa halisi na mwenye mbwa. Ndiyo ghali zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Maungo hayana wasiwasi. Kazi yote iko kwenye furaha. Mwache mbwa acheze kidogo, kisha apumzike kivulini dakika chache, ndipo apigwe picha. Mbwa aliyetulia huachia mdomo wazi bila kuukaza, ulimi unaning'inia, macho yamelegea. Ukiona weupe wa macho umejitokeza pembeni, masikio yamelazwa nyuma na pembe za mdomo zimevutwa sana, huyo ana hofu au joto limemzidi, ingawa asiyejua atasema anacheka. Kamera iwe kwenye kimo cha macho yake. Chakula cha kumvutia kishikwe karibu na lenzi, maana kikiwa mfukoni atageuka kuunusa mfuko, na utabaki na picha za kisogo. Mfuko wenyewe ujazwe kweli. Mtupu huanguka au hubonyea tumboni.

Ya pili ni kununua picha ya mbwa kwenye maktaba ya picha mtandaoni, halafu fundi aongeze mfuko wako. Ni nafuu na mbwa ni wa kweli, kwa hiyo kasoro huhamia kwenye mfuko. Tazama vivuli: cha mbwa kikilala kushoto na cha mfuko kulia, picha imekufa. Tazama na ukubwa. Labrado mzima ana kimo cha kama sentimita 55 hadi 60 begani, basi mfuko mdogo wa kilo 2 hauwezi kumfikia begani akiwa amesimama. Soma leseni pia, kwa sababu baadhi ya picha zinaruhusiwa kwa habari tu, si kwa matangazo.

Ya tatu ni mchoraji. Mchoro husamehewa mengi, na unapendeza kwenye mfuko wenyewe kuliko kwenye tangazo. Mwombe aonyeshe rasimu ya penseli kabla ya kupaka rangi. Goti lililokosewa ni rahisi kufuta hapo.

Ya mwisho ni picha iliyoundwa na akili mnemba. Ni ya haraka na bei yake ni ndogo, lakini ndiyo inayohitaji jicho kali kuliko zote. Niliwahi kununua moja kwa mtu anayezitengeneza: mbwa wa rangi ya dhahabu ameketi, mfuko kulia kwake, jua la asubuhi. Niliipenda mno hadi nilipoikuza na kuanza kukagua kutoka chini kwenda juu.

Nilianza na nyayo. Mguu wa mbele wa mbwa hukanyaga kwa vidole vinne. Cha tano ni kidogo, kiko juu upande wa ndani na hakigusi ardhi asimamapo. Wangu alikuwa na vitano vyote mstari mmoja. Nikaenda mguu wa nyuma. Mbwa akiketi, goti huelekea mbele karibu na tumbo, kifundo huelekea nyuma, na sehemu yote kutoka kifundoni hadi vidoleni hulala ardhini. Wangu alikunja goti nje kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mdomoni, chonge za chini zinapaswa kuwa mbele kidogo ya zile za juu, na ulimi utokee katikati yake. Hapa ulimi ulikuwa umeungana na ufizi. Mboni ya jicho la mbwa ni duara, na hiyo ilikuwa sawa. Maandishi ya mfuko yalikuwa herufi zisizosomeka.

Aliyeniuzia alirekebisha vidole mara mbili, na kila mara mguu mwingine ukaharibika. Mwishowe nilikubali mbwa aliyelala nyasini, miguu ya nyuma imefichwa na mfuko, na mfuko wenyewe tukauweka kutoka kwenye picha halisi. Ukilazimika kutumia njia hii, agiza mkao wa namna hiyo tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa, omba faili kubwa. Bango la A3 likichapwa vizuri kwa kutazamwa karibu linataka takriban pikseli 3500 kwa 4960. Faili ndogo iliyonyooshwa hufanya manyoya yaonekane kama sufi iliyolowa, hata mbwa akiwa wa kweli.