Nilivyofungiwa kukomenti wateja wakiwa wamejaa: uzoefu wangu

Ninauza dagaa wa Ziwa Victoria. Mzigo naufuata Mwaloni, Kirumba, na wateja wengi nawapata kwenye mtandao mmoja wa picha ambao wafanyabiashara wengi hapa Mwanza wanautumia. Kwa kuuza ni mzuri. Ila ule mfumo wa kumfungia mtu kwa muda unatuumiza sisi wauzaji wadogo, kwa sababu hausemi umefunga nini.

Niliweka video ya dagaa wakianuliwa juani, komenti zikamiminika, karibu zote "bei gani?" Nikawa namjibu kila mtu kwa maneno yale yale niliyokopi: "Karibu, njoo inboksi." Ghafla jibu likagoma, ukaja ujumbe wa "Try Again Later". Ni kitendo gani kimezuiwa na kitafunguliwa lini, hakuna.

Ukidhani ni bando, angalia hivi: mtandao ukisumbua, kila kitu kinasumbua, hata picha hazifunguki. Mimi nililaiki vizuri na meseji za wateja nikazijibu. Komenti tu ndizo zilizokataa. Nikaingia akaunti hiyohiyo kwenye simu ya dada, yenye laini nyingine, mambo yakawa yaleyale. Kizuizi kiko kwenye akaunti, kule kwenye seva zao, kwa hiyo kufuta programu na kuipakua upya ni kumaliza bando bure.

Mfumo haujui kama unauza dagaa au unasambaza utapeli. Unachoona ni kasi, na maandishi yanayojirudia neno kwa neno. Kwenye kulaiki na kufolo ni hivyohivyo: ukibonyeza mfululizo, pengine moyo unawaka mwekundu kabisa, ukifungua tena ukurasa, unakuta moyo ule haupo. Akaunti changa hubanwa mapema zaidi. Kiwango chenyewe hawakitangazi, na kinatofautiana kati ya akaunti na akaunti.

Kilichonisaidia ni kuhariri maelezo ya video na kuandika bei ya kilo hapohapo, kisha kuziacha komenti kabisa. Usijaribu kila baada ya dakika mbili, maana huko ni kuendeleza kilekile kilichokufungia. Mara nyingi hufunguka baada ya saa chache, au siku kadhaa. Na akitokea mtu anayeahidi kukufungulia ukimpa nywila, huyo anaitaka akaunti yako.

Siku hizi bei naiandika tangu mwanzo, na anayeuliza namjibu kwa lake: wa Nyegezi namwambia habari ya bodaboda, wa Dodoma namwambia mzigo unapanda basi gani. Nachelewa kidogo kuwamaliza wote, lakini sijafungiwa tena.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Siku ujumbe ule utakapoandika "komenti zimefungwa hadi kesho saa nne asubuhi", naongeza ya nne.