TAHADHARI wazazi mnaotafuta shule za Januari: kuna fomu feki ya mtandaoni inazunguka

Jamani habari za saa hizi. Mimi nipo ofisi ya uandikishaji kwenye shule moja ya binafsi hapa Dar, shule siitaji maana hili sio tangazo, ila kuna watu wametengeneza fomu kwa jina letu na nimeambiwa shule nyingine mbili za jirani nao yamewakuta hayo hayo. Linki inakuja watsapu, au mtu anaidondosha kwenye komenti chini ya posti halisi ya shule, "nafasi zimebaki chache, jaza hapa." Ukiifungua ni Google Forms, juu wamebandika picha ya geti letu na nembo waliyoichomoa instagramu. Inapendeza kuliko ya kwetu kwa kweli.

Kuna dada mmoja alikuja ofisini na risiti zake, anamhamisha mwanae kutoka Morogoro anaingia la tatu, anataka kujua basi la shule litapita saa ngapi mtaani kwake. Mtoto hatumjui. Nikamwambia dada hebu nionyeshe ulichojaza, akafungua simu, na hapo ndo nikaelewa hawa jamaa wanatafuta nini hasa.

Sehemu ya mtoto ilikuwa ya kawaida kabisa: majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe, darasa analoomba, namba ya ingizo ya cheti, halafu upandishe picha ya cheti. Hayo hata sisi tunauliza. Ila kumbukeni cheti cha RITA kina majina ya baba na mama pia, kwahiyo picha moja tu ishampa mtu familia nzima. Na kwenye Google Forms faili ukishatuma linaingia kwenye hifadhi ya aliyetengeneza fomu, huwezi kulirudisha.

Sehemu ya shule anayotoka wakauliza jina la shule, mkondo, namba ya PREM, sawa. Halafu wakauliza jina la mwalimu wa darasa na mtoto anaendaje shule, kwa basi, bodaboda au anatembea. Mwalimu wa darasa wa shule ya zamani wa nini? Sisi tukitaka kujua habari za mtoto tunawasiliana na mwalimu mkuu wenyewe.

Sasa sehemu ya mlezi ndo penyewe. Namba ya NIDA, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, selfi umekishika usoni, tarehe ya kuzaliwa ya mlezi, na eti "jina la kwanza na la mwisho la mama mzazi wa mlezi." Yaani bibi yake mtoto! Mtu anayejaza haraka haraka haoni tatizo hapo, anajua ni urasimu wa shule. Lakini fikiria, ukienda kwenye tovuti ya NIDA kutafuta namba yako unaulizwa nini? Majina yako, tarehe yako ya kuzaliwa na majina ya mama yako. Ndo maswali ya kukuhakiki wewe ni wewe. Shule haina kazi na bibi wa mtoto hata kidogo, sisi tunataka mlezi ni nani, ana uhusiano gani na mtoto, simu mbili zinazopatikana, anakaa wapi na nani mwingine anaruhusiwa kumchukua mtoto. Basi. Kuna shule zinaomba kopi ya kitambulisho cha mlezi, sawa, unaipeleka ofisini siku unayoleta mtoto kwenye usaili, ila selfi umeshika kitambulisho hiyo ni ya kufungulia akaunti na mikopo ya kwenye simu.

Hela nazo walichukua. Fomu 30,000, kushikilia nafasi 200,000, halafu wakampigia tena wanataka 50,000 ya "kuhamisha PREM." Jumla 280,000 kwenye namba ya mtu binafsi, na jina lililotokea kabla hajaweka namba ya siri halikuwa la shule, akaambiwa ndo mhasibu. Hiyo ya PREM nawaomba muishike vizuri kwasababu wengi hawaijui: uhamisho kwenye mfumo wa PREM wanafanya walimu wakuu, wa shule anayotoka na wa shule anayokwenda, mzazi hana linki ya kuingia humo na wala hakuna mtu wa katikati wa kumlipa. Na kama shule ni ya serikali ndo kabisaa, elimu bila ada ipo toka 2016, mtu akikuuzia fomu ya darasa la kwanza ya serikali huyo ni mwizi mchana kweupe.

Kilichonifanya niandike lakini sio 280,000. Baada ya kama wiki mbili dada akanipigia anatetemeka, kuna mtu kampigia anajiita mwalimu, kamtaja mtoto kwa majina matatu, kataja darasa na jina la mwalimu wake kabisa, anasema mtoto kaanguka shuleni yuko hospitali atume laki na nusu sasa hivi ya vipimo. Ule utapeli wa zamani wa mtoto kaanguka tunaujua wote, ila zamani walikuwa wanabahatisha. Huyu alikuwa anasoma kwenye fomu! Bahati nzuri dada alikata simu akampigia mwalimu mwenyewe kwa namba anayoijua, mtoto yuko darasani anaandika.

Kwahiyo kabla hujajaza, usitumie linki uliyotumiwa, piga namba iliyoandikwa kwenye bango la shule au pita getini uulize fomu yao iko wapi. Shule nyingi zenye tovuti zinatumia .sc.tz au .ac.tz mwishoni, sio zote, wapo wa .com, ila ukiona forms.gle peke yake bila kuthibitisha na ofisi achana nayo. Kopi ya cheti unayopandisha andika juu yake kwa kalamu "kwa maombi ya shule fulani tu" na tarehe, usifunike majina wala namba ya ingizo. Swali usiloelewa linahusiana vipi na mtoto liache wazi, kama fomu inakataa kwenda mbele bila jina la bibi, ushapata jibu.

Na wale mlioshajaza: pigeni huduma kwa wateja ya mtandao mliotumia kulipa haraka kabla hela haijatolewa, meseji zao zitumeni 15040, halafu polisi mkachukue RB maana kesho mkopo ukitokea kwa jina lako utaihitaji. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukiona usiyoijua nenda ukaifute. Na mwambieni mwalimu wa darasa wa mtoto leo leo, asimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote mpya hata akitaja majina yote sahihi, maana hayo majina wanayo.

Fomu ile tumeshairipoti Google, ikifungwa wanafungua nyingine. Ukiona yenye picha ya geti na swali la mama mzazi wa mlezi piga skrinshoti uweke hapa chini, futa taarifa zako kwanza.