Pakoleta yangu: uchungu ulitoka wapi na nimeupunguzaje

Nina pakoleta ya alumini ya vikombe vinane, ile birika ya kupikia kahawa inayobandikwa kwenye jiko la gesi, na huu ni mwezi wa nne. Wiki mbili za mwanzo nilitaka kuigawa. Kahawa ilitoka nyeusi tititi, inakausha ulimi, na chini ya kikombe kuna tope. Na uchungu siuogopi, kahawa ya barazani kwa kashata nimeinywa tangu utotoni. Huu wa pakoleta ulikuwa wa kukwaruza koo.

Chanzo ni jinsi inavyofanya kazi. Maji ya chini yakichemka, mapovu ya mvuke huyapandisha kwenye bomba la katikati, yakagonga kioo cha mfuniko, yakadondokea kikapu cha kahawa na kuchuruzika kurudi chini. Tatizo ni kwamba kinachorudi si maji tena. Ni kahawa, nayo hupandishwa tena na tena kupita kwenye unga uleule. Ladha nzuri hutoka mapema. Ukiendelea, unakamua uchungu tu. Tena inapita ikiwa karibu na kuchemka, wakati nyuzi joto 92 hadi 96 zingetosha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa unga laini wa dukani. Unatoa kila kitu haraka, na mwingine unapenya matundu ya kikapu. Tope lile ndilo hilo. Sasa nanunua buni zilizokaangwa wastani na kuzisaga chengachenga, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Kwa lita moja ya maji natia gramu 55.

La pili lilikuwa moto. Nilikuwa naacha mkali dakika kumi na tano, kioo kinabubujika mfululizo, nikidhani ndiyo dalili ya kuiva. Siku hizi nachemsha maji kwanza kwenye birika, nayamimina, kisha naweka kikapu na kuwasha moto wa wastani. Povu la kwanza likigonga kioo, napunguza moto hadi karibu kuzimika, mpaka nihesabu moja, mbili, tatu kati ya povu na povu. Kuanzia hapo ni dakika sita. Nikizima, natoa kikapu papo hapo kwa kitambaa, maana machicha yakibaki juu yanaendelea kudondosha uchungu.

Mara ya kwanza kufanya hivi nilitumia dakika nne, ikatoka nyepesi na yenye ukali wa ndimu. Niliongeza dakika mbili bila kugusa kitu kingine, ikakaa sawa. Ikikausha ulimi, punguza dakika moja.

Harufu bado inapotea, maana ile inayojaza jikoni ndiyo iliyotoka kwenye kahawa. Kwa hiyo buni za bei ghali nazichuja kwa karatasi, na pakoleta naibandika wageni wakiwa sita.