Miezi minne na apu ya kupanga vituo: ilinipeleka Githurai vizuri, ikasahau kunirudisha

Mimi hubeba mizigo ya duka moja la vifaa vya simu na redio pale Luthuli, Nairobi. Siku ya kawaida natoka na vifurushi saba hadi kumi, vingi vikienda upande wa Barabara ya Thika. Zamani nilikuwa napanga kichwani, na nilijiona bingwa. Halafu mwenye duka akaniwekea apu ya kupanga njia: unaingiza anwani zote, unabonyeza kitufe kimoja, inakupa mpangilio wa kuzifikia. Jina siliandiki hapa kwa sababu apu nyingi ninazozijua zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo, na shida niliyoipata ilikuwa nusu yake ya kwangu mwenyewe.

Siku iliyonifungua macho nilikuwa na vituo vinane: Ngara, Garden Estate, Roysambu, Zimmerman, Githurai 44, Kasarani, Baba Dogo na Kariobangi. Vituo vinane tu vinaweza kupangwa kwa njia 40,320, kwa hiyo sikushangaa kwamba mashine ingenishinda. Ikanipa hivi: Ngara, Kariobangi, Baba Dogo, Garden Estate, Roysambu, Kasarani, Zimmerman, Githurai 44. Kilomita 33. Nikafurahi, nikawasha pikipiki.

Mpaka Roysambu mambo yalikuwa shwari. Kutoka pale hadi Kasarani, kwenye ramani ni kama kuvuka uani kwa jirani. Lakini Barabara ya Thika haivukwi hivyo. Imegawanywa katikati, mahali pa kugeuzia ni pachache, na daraja la watu wa miguu si la pikipiki, hata kama utawaona wengine wakipanda nalo. Nikazunguka kwenda Kasarani, kisha nikazunguka tena kurudi upande wa Zimmerman. Nilipomaliza Githurai 44 saa nane na nusu, sanduku tupu, apu ikaniandikia kwamba kazi imekwisha. Imekwisha wapi? Mimi niko Githurai na duka liko mjini, na pesa za mizigo ya malipo mkononi zinangojewa kabla ya jioni. Niliporudi, mita ya pikipiki ilisoma kilomita 51 tangu asubuhi.

Nilimlalamikia mzee mmoja wa steji yetu ambaye amebeba mizigo tangu kabla ya barabara hiyo kupanuliwa. Hakuitukana apu. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, uliiambia unarudi?"

Sikuwa nimeiambia. Nilikuwa nimejaza mahali pa kuanzia, na mahali pa kumalizia nikapaacha wazi. Ukipaacha wazi, apu inatafuta njia fupi ya kugusa vituo vyote na kuishia popote. Kwa hesabu hiyo haikukosea: iliokota kila kitu njiani kwenda, kulia na kushoto, ikaniacha kwenye ncha ya mbali kabisa. Ile 33 ilionekana ndogo kwa sababu safari ya kurudi haikuwemo.

Nikaingiza vituo vilevile upya nyumbani jioni, mwisho nikaweka Luthuli. Mpangilio ukageuka kabisa: Ngara, Garden Estate, Roysambu, Zimmerman, Githurai 44, Kasarani, Baba Dogo, Kariobangi, duka. Kilomita 45. Tazama kilichotokea. Sisi tunaendesha kushoto, na ukitoka mjini, Garden Estate, Roysambu na Zimmerman zote ziko mkono wa kushoto. Zinashughulikiwa wakati wa kwenda, bila kuvuka. Kutoka Zimmerman unafuata Barabara ya Kamiti hadi Githurai 44, unashuka Githurai 45, unazunguka pale chini, na sasa unaelekea mjini. Kasarani nayo iko kushoto kwako. Allsops unakata kushoto tena kuingia Outer Ring, unamalizia Baba Dogo na Kariobangi, halafu unapita Juja Road hadi Pangani bila kurudi tena Barabara ya Thika. Ni duara moja. Kilomita sita si nyingi, nakubali, lakini zile zilizopungua ndizo zilizokuwa za kugeuza na kungoja malori yapite.

Tangu siku hiyo najaza mwisho kila mara, hata kama mwisho ni nyumbani. Ukiwa unalala Githurai na huna pesa za kurudisha, basi ule mpangilio wa kwanza unakufaa, ila ile Kasarani ya katikati uichunguze.

Namna ya kuichunguza ni hii. Kabla sijatoka naangalia kila kituo na kinachokifuata. Macho yakiniambia ni mita mia tatu na apu inaandika kilomita tatu, hapo katikati kuna barabara iliyogawanywa au mto, na kituo hicho huenda ni cha safari ya kurudi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: apu ikiandika mita mia tatu mahali ninapojua hapavukiki, basi pini imekaa upande usio wake. Ilinitokea na mteja wa Roysambu aliyeniandikia tu "mkabala na steji". Pini ikaangukia ng'ambo, na mpangilio wote ukajengwa juu ya uongo huo.

Kwa hiyo maandishi ya mteja siyaingizi tena yalivyo. "Zimmerman, jengo la kijani" inawekwa katikati ya mtaa, basi. Naomba lokesheni kwa WhatsApp, naifungua, naangalia iko upande gani wa barabara, ndipo naiingiza. Na hapo hapo napiga simu. Mteja akisema hayupo leo, namtoa kabla ya kupanga, kwa sababu kumtoa mmoja kunaweza kubadilisha wanaomfuata. Asiyepokea simu Garden Estate namfikia kwa zamu yake, nangoja dakika tano getini na mlinzi, kisha naenda zangu. Kumrudia wakati wa kuja mjini ni kuvuka barabara mara mbili, na hiyo ninaifanya tu kama kifurushi chake ni cha bei.

Kuna kitu ambacho apu haijui kabisa, nacho ni sanduku langu. Kituo cha kwanza lazima kiwe juu, kwa hiyo napakia kuanzia mwisho: Kariobangi chini, Ngara juu, na kila kifurushi nakiandika namba kwa kalamu nene. Ukibadilisha mpangilio ukiwa njiani, utapakua kila kitu kando ya barabara. Hata apu ikinipendekezea kuhamisha kituo kimoja ili kuokoa nusu kilomita, mara nyingi naikatalia.

Muda wa kufika ambao apu inanipa siuamini jioni, na kipimo cha kukaa kwa mteja kilikuwa dakika moja, nikakipandisha hadi saba kwa sababu ya ghorofa zisizo na lifti. Toleo la bure lina mwisho wa vituo kumi, na mimi vinanitosha. Ningeipa nyota nne. Ile ya tano ningeitoa kama ingeniuliza yenyewe, kabla ya kupanga, nalala wapi.