Sababu au ushahidi?

Katika insha ya kutetea hoja, chukua dai hili: kipindupindu huenezwa na maji machafu. Sababu hujibu swali "kwa nini niamini?": waliokunywa maji yenye majitaka walikufa zaidi. Hiyo bado ni kauli ya mwandishi, na msomaji ana haki ya kuikataa. Ushahidi hujibu "umejuaje?": London, mwaka 1854, daktari John Snow alihesabu vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya kampuni iliyochota Mto Thames palipochafuka, na 37 kwa zile za kampuni iliyochota juu zaidi mtoni.

Kosa linaloponza insha nyingi ni kuirudia sababu kwa maneno mapya ("maji hayo yaliua wengi sana") na kuiita ushahidi. Uliza tena "umejuaje?" Swali likibaki wazi, bado huna ushahidi.