Tiki ya kijani imemtia mteja wangu aibu kwa afisa mikopo

Nyota moja kwa hii huduma ya kusoma stetimenti za benki. Naanza na hiyo kabisa halafu ndo nieleze, maana nina hasira tangu juzi na nikianza kwa kuzunguka ntasahau la muhimu.

Mi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Tanga, nipo Ngamiani, na wateja wangu wengi ni wa machungwa ya Muheza, wa dagaa, na wenye maduka. Mtu akitaka mkopo anatakiwa apeleke stetimenti za miezi sita, na karibu kila mtu ana akaunti zaidi ya moja. Kila benki ina mpangilio wake. Huyu anaweka jina la mwenye akaunti juu kulia, huyu chini ya nembo, huyu anaandika kipindi kwenye mstari mmoja na namba ya akaunti. Afisa mikopo yeye hataki zote hizo, anataka jedwali moja: jina la mwenye akaunti, kipindi kuanzia lini mpaka lini, salio la kuanzia, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho. Mstari mmoja kwa kila mwezi kwa kila akaunti, basi.

Sasa nikalipia huduma moja ya mtandaoni, unawapa PDF zako wanakurudishia jedwali hilo limejaa, na pembeni ya kila mstari kuna alama, kijani maana yake mstari umehakikiwa, nyekundu maana yake una shida. Hiyo alama ndo nililipia. Kuandika naweza mwenyewe, nimeandika miaka yote, ninachochoka nacho ni kuhakiki.

Kwanza niseme haki yao. Majina inasoma vizuri ajabu. Mteja wangu huyu, mama wa machungwa, jina lake benki moja inaanza na la ukoo, nyingine inaanza na lake na la kati limefupishwa herufi moja, na yote mawili iliyaweka vilevile yalivyoandikwa na pembeni ikaniuliza kama ni mtu mmoja. Sikuamini, nikamwita hadi jirani aje aone. Kipindi nacho ilikitoa kwenye kichwa cha karatasi, 01/04 hadi 30/04, haikuchukua tarehe ya muamala wa kwanza na wa mwisho kama watu wengi wanavyokosea. Kwa hilo ningewapa hata nne.

Tatizo ni salio.

Benki yake ya kwanza inaprinti kuanzia tarehe za mwanzo kushuka, juu kabisa kuna mstari wa Balance B/F, yani salio la kuanzia, mambo yako wazi. Benki ya pili inaprinti kinyume, muamala mpya ndo unakaa juu na wa zamani uko chini, na hakuna palipoandikwa salio la kuanzia popote. Mwezi wa nne ulikuwa na miamala mitano tu, naiweka hapa kama ilivyokaa kwenye karatasi:

```
Date   Debit    Credit   Balance
28/04  150,000           1,235,000
28/04    5,000           1,385,000
17/04           300,000  1,390,000
09/04  350,000           1,090,000
02/04           600,000  1,440,000
```

Ile programu ikachukua namba ya juu, 1,235,000, ikaiita salio la kuanzia. Ikachukua ya chini, 1,440,000, ikaiita salio la mwisho. Zilizoingia 900,000, zilizotoka 505,000, hizo sahihi. Pembeni tiki ya kijani.

Chukua kalamu ufanye mwenyewe. Milioni moja laki mbili thelathini na tano elfu, ongeza laki tisa, toa laki tano na elfu tano, unapata 1,630,000. Wao wameandika 1,440,000. Yani ndani ya mstari wao huohuo namba nne haziendani, zinapishana laki na tisini elfu, na wameweka kijani! Hata mtoto wa darasa la nne anaona. Mi sikuona kwasababu ile kijani ndo ilikuwa inaniambia nisiangalie, na zile za benki ya kwanza nilizozipitia kwa mkono zote zilikuwa sawa, nikaamini na zilizobaki.

Na kosa liko mara mbili hapo. Hata ungegeuza juu chini, 1,440,000 bado sio salio la kuanzia, hiyo ni salio baada ya muamala wa tarehe mbili kuingia. Salio la kuanzia unalipata kwa kurudisha ule muamala nyuma, 1,440,000 toa 600,000 iliyoingia, unapata 840,000. Sasa jaribu tena, 840,000 ongeza 900,000 toa 505,000, inakuja 1,235,000 sawasawa na namba ya juu ya karatasi. Mwezi umefunga.

Mama akapeleka jedwali. Afisa mikopo ndo alikuja kugundua, na aligundua bila hata fomula, aliangalia tu mwezi unavyoshikana na mwezi. Salio la mwisho la mwezi wa nne linatakiwa liwe ndo salio la kuanzia la mwezi wa tano, akaunti ileile. Wa nne kwetu uliishia 1,440,000, wa tano umeanza na 910,000, kwasababu wa tano nao umegeuzwa kichwa chini na hiyo 910,000 ni salio lake la mwisho. Akamuuliza mama mbele za watu, "Mama, laki tano na thelathini zimetoka usiku wa tarehe 30 zikaenda wapi?" Mtu mzima, anauza machungwa tangu sijazaliwa, anaulizwa kama mwizi wa hela yake mwenyewe. Akanipigia pale pale, sauti chini, "Mwanangu, wewe ulinifanyia nini?" Sikuwa na la kumjibu. Faili likarudishwa.

Nikawapigia wale watu. Akapokea kijana, nikamsomea ule mstari namba kwa namba, akanisikiliza halafu akasema "Dada, mfumo unasoma kama karatasi ilivyo, kama benki yenu inaprinti kinyumenyume hilo ni suala la benki." Nikamuuliza basi ile kijani inahakiki nini, akanyamaza kidogo, akasema inahakiki kwamba kila nafasi imejazwa na kwamba palipotakiwa namba pana namba. Basi. Jina lipo, tarehe ni tarehe, salio ni namba, kijani. Nikamwambia huko ni kukagua fomu imejazwa, sio kukagua imejazwa ukweli, akaniambia nisubiri barua pepe. Sijaiona mpaka leo. Kama kuna kilichonifanya niandike hapa ni hiyo "suala la benki". Benki haina kosa, ina haki ya kuprinti kuanzia juu au chini, kazi uliyochukua hela yangu ni hiyohiyo ya kujua tofauti.

Na kujua sio ngumu, naeleza nilivyofanya ili mwenye kazi kama yangu asipate aibu niliyopata. Nilichukua mistari ya miamala nikaiweka Excel, D zilizotoka, E zilizoingia, F salio. Kosa langu la kwanza nilipanga kwa tarehe. Angalia tarehe 28 hapo juu iko mara mbili, ile 150,000 na makato ya 5,000. Ukipanga kwa tarehe peke yake, Excel inaacha mistari ya tarehe moja kama ilivyoikuta, kwahiyo hiyo miwili inabaki kinyume wakati mingine yote imegeuka, na mwezi unaonekana umeishia 1,385,000. Dawa yake weka namba ya mstari kwenye kolamu A kabla hujagusa kitu, 1 mpaka wa mwisho, halafu panga kwa hiyo namba kuanzia kubwa kwenda ndogo. Hapo karatasi nzima inageuka na miamala ya siku moja inakaa ilivyotokea.

Kisha kwenye G3 weka hii na uishushe mpaka chini:

```
=ROUND(F2-D3+E3-F3,2)
```

Maana yake salio la mstari wa juu, toa kilichotoka, ongeza kilichoingia, toa salio lililoandikwa. Kila mstari lazima ulete sifuri. Nilipopanga kwa tarehe ilinipa 5,000 kwenye mstari mmoja na -155,000 kwenye unaofuata, na hapo ndo nilijua kosa liko tarehe 28 na sio kwingine. Jumla ya mwezi ingeniambia tu kuna kosa, isingenionesha liko wapi. Zikija zote sifuri, salio la kuanzia ni `=F2+D2-E2`. Hiyo ROUND usiitoe, zikiwepo senti Excel huwa inabakiza kichembe na sifuri yako haiwi sifuri.

Kitu kimoja hiyo fomula haikioni ni ukurasa wa mwisho ukikosekana, maana mnyororo utafunga vizuri mpaka pale ulipokatika. Ndo maana lazima na ile ya afisa mikopo uifanye, mwisho wa mwezi huu na mwanzo wa unaofuata.

Miezi sita ya benki ya pili imenichukua jioni moja kuirekebisha. Jioni moja tu. Hao watu wana kompyuta na mafundi, hawakuweka hata kutoa na kujumlisha.

Nilisema nyota moja, nilipofika kwenye majina nikawa nataka kupandisha, na kwakweli kama unataka ikunakilie tu miamala kutoka PDF uhakiki mwenyewe, itumie, inaokoa muda na mi ntaendelea nayo kwa hilo mpaka nilicholipia kiishe. Ila jedwali lao la salio usimpelekee mtu. Na kama hawataondoa ile kijani au waifanye ihakiki kweli, basi sio nyota moja, ni hakuna. Mama jedwali jipya nimempelekea mwenyewe mkononi, amelipokea, akaniomba nimsomee mstari wa mwezi wa nne. Nikausoma. Akasema nirudie tena taratibu, na kidole chake kikawa kinafuata kila namba kwenye karatasi ya benki.